Sijala, Nimekunywa Chai Tu

"Mama, umekula chochote leo?"

"Hapana mwanangu, sijala. Nimekunywa chai tu."

Asiyewahi kusikia mazungumzo hayo kwenye dirisha la maabara, basi hajawahi kupanga foleni ya kupima sukari asubuhi. Wala mama huyo hadanganyi. Katika Kiswahili chetu kula ni kula ugali, wali au ndizi, chakula kinachohitaji kunawa mikono na kukaa chini. Chai hunywewa. Tena mtu akisema "nimekunywa chai", huenda ndani ya maneno hayo mna chapati mbili na yai la kukaanga, na bado kwa lugha yake hajala. Mtaalamu wa maabara aliyezoea kazi hauliza tena "umekula?" Anauliza: "Tangu ulipolala, kitu gani kimepita mdomoni mwako zaidi ya maji?"

Tuseme mama wetu ni mama lishe wa miaka 46, mwenye kilo 60 hivi. Daktari alimwambia aje asubuhi akiwa amefunga saa nane. Saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kutoka nyumbani, alikunywa kikombe kimoja cha chai ya rangi chenye vijiko vitatu vya sukari. Akiulizwa vizuri anakumbuka na andazi moja, "la kuondoa uchungu wa chai". Saa moja na robo anachomwa kidole. Kipimo kinasoma 8.9.

Kiwango kinachotumika duniani ni kwamba anayefikisha 7.0 au zaidi akiwa amefunga, na hali hiyo ikathibitishwa kwa kipimo cha pili siku nyingine, ana kisukari. Zamani mpaka ulikuwa 7.8. Wamarekani waliushusha mwaka 1997, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1999. Namba hizi ni za milimoli kwa lita, zile ambazo kwenye kioo cha kipimo huandikwa mmol/L. Kama kipimo chako kinatumia miligramu, zidisha kwa 18, kwa hiyo 7.0 inakuwa 126. Mama lishe amevuka mpaka huo kwa mbali. Lakini je, 8.9 ile ni ya mama au ni ya andazi?

Hapo ndipo ilipo kazi ya zile saa nane, na ili kuielewa inabidi tuanzie kwenye ini.

Damu yote iliyo mwilini mwa mtu mzima ni lita tano hivi. Ukiikusanya sukari yote iliyoyeyuka ndani yake wakati mtu mwenye afya hajala, utapata gramu nne au tano. Ni kijiko kimoja cha chai, basi. Chai ya vijiko vitatu, kabla hata hujahesabu unga na sukari ya andazi, imebeba mara tatu ya hiyo. Si ajabu basi namba ikapanda. Ajabu ni kwamba kwa mtu mzima wa afya haipandi sana, kwa sababu kongosho linamwaga insulini mara tu sukari inapoanza kuingia, na insulini inaisukuma sukari kwenye misuli, kwenye mafuta na kwenye ini lenyewe.

Sasa fikiria usiku. Chakula cha jioni kimeshasagika, utumbo hauna cha kutoa, nawe umelala. Ubongo haulali. Unakula karibu gramu 5 za sukari kila saa, usiku na mchana, na chembe nyekundu za damu nazo zinataka fungu lao. Kile kijiko kimoja kilichomo kwenye damu kingekwisha kabla ya saa kupita. Kinachokuokoa ni ini. Mchana limejiwekea akiba ya wanga uitwao glaikojeni, kama gramu 100 hivi, na usiku linaivunja kidogo kidogo na kuirudisha kwenye damu. Akiba ikipungua, ini linatengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini na mafuta. Kwa mtu wa kilo 60, ini linatoa karibu gramu 7 kila saa.

Anayeamua kiasi hicho ni insulini, ile ile iliyofanya kazi wakati wa chakula. Usiku inabaki kidogo tu kwenye damu, lakini kidogo hicho ndicho kinacholiambia ini: punguza, inatosha. Homoni nyingine ya kongosho, glukagoni, husema kinyume chake: ongeza. Ini likiwa linasikia, sukari ya alfajiri hukaa kati ya 4 na 6. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili ini limekuwa kiziwi kwa insulini, linamwaga sukari kana kwamba mwenye mwili hajala siku tatu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hulalamika: "Nimelala na nane, nimeamka na tisa, na sikuamka usiku kula. Imetoka wapi?" Imetoka ini. Kati ya saa kumi na saa mbili za asubuhi homoni za kumwamsha mtu nazo hulichochea ini, na kwa mgonjwa namba inaweza kuwa kubwa kuliko ya usiku. Metformini, kidonge ambacho wengi wenye kisukari wanakijua, hufanya sehemu kubwa ya kazi yake hapo hapo, kwa kulizuia ini lisimwage.

Kwa hiyo kipimo cha kufunga hakiulizi umekula nini. Kinauliza: chakula kikiondoka kabisa, ini lako na insulini yako wanaelewana? Swali hilo haliwezi kujibiwa wakati utumbo bado unaleta sukari yake. Zikichanganyika, hakuna mashine inayoweza kutenganisha sukari ya ini na sukari ya andazi.

Basi kwa nini saa nane na si nne? Kwa mtu wa afya, sukari inarudi chini saa mbili au tatu baada ya mlo. Lakini tunampima mtu kwa sababu hatujui kama ana afya, na mwenye kisukari anaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Halafu si kila mlo unatoka tumboni kwa mwendo mmoja. Uji unashuka haraka. Wali wa nazi, biriani au chipsi mayai vina mafuta, na mafuta huchelewesha tumbo kufungua mlango wake, hivyo utumbo unaweza kuendelea kufyonza hata saa tano au sita baada ya mlo. Saa nane ni muda huo pamoja na nafasi kidogo ya usalama. Pia ni muda ambao mtu anaumaliza akiwa kitandani, na mimi naamini hiyo ndiyo sababu agizo hili limedumu.

Kwa upande mwingine, kufunga kupita kiasi hakuongezi usahihi. Maabara nyingi hutaka kati ya saa 8 na 12, na kwa kile kipimo kirefu cha kunywa maji ya glukosi Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 14. Anayejinyima kula tangu mchana wa jana ili "sukari ishuke" anaufikisha mwili kwenye hali nyingine, akiba ya ini ikiwa inaisha, na namba yake hailinganishwi tena na zile zilizotumika kuweka mipaka. Kula chakula chako cha kawaida jioni, kile ulichozoea, kisha ufunge.

Lugha yetu ina mtego mwingine hapa, na huu sijauona ukiandikwa kwenye karatasi yoyote ya maelekezo. "Saa nane" kwetu ni muda, na pia ni wakati. Muuguzi anasema, "Usile saa nane kabla ya kipimo." Mgonjwa anasikia: usile kuanzia saa nane. Mlinzi wa usiku anaweza kula ubwabwa wake saa saba na nusu usiku kwa moyo mweupe, saa moja asubuhi akawa mbele ya dirisha na kuapa kwamba ametii. Kwa hesabu amefunga saa tano na nusu. Ndiyo maana watu husema "masaa manane" ingawa walimu wa sarufi hawapendi. Mimi naona dawa ni kuacha kutaja muda na kutaja saa yenyewe ya mlo wa mwisho. Kipimo kikiwa saa moja asubuhi, mwisho wa kula ni saa tano usiku. Anayekula saa mbili, kama familia nyingi, tayari ana saa kumi na moja na hana haja ya kuhesabu.

Kuhusu kinachofungua, kanuni ni moja: chochote chenye nguvu ya chakula ndani yake, hata kikiwa cha maji, hata kikiwa kidogo. Chai ya rangi yenye sukari inafungua. Chai ya maziwa isiyo na sukari nayo inafungua, maana maziwa yana sukari yake ya asili, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Soda ya chupa ndogo ina karibu gramu 30 za sukari, yaani mara sita ya ile iliyo kwenye damu yako yote. Madafu, juisi ya miwa, maji ya ndimu na asali ambayo wengi hunywa asubuhi wakiamini ni dawa, uji wa mgonjwa, pipi, chingamu yenye sukari, vyote vinafungua. Na kuna kimoja kinachosahauliwa sana, dawa ya maji ya kikohozi. Nyingi zimetengenezwa kwa sukari, na aliyekohoa usiku kucha akanywa vijiko viwili alfajiri haioni kuwa chakula kwa sababu imetoka duka la dawa.

Kuna vitu havina sukari lakini vinachokoza. Kahawa chungu ya vikombe vidogo, ile ya barazani, haina kitu ndani yake ukiiacha kashata kando. Hata hivyo kafeini huamsha homoni zinazoliambia ini limwage, na hufanya insulini isisikike vizuri. Miraa ni hivyo hivyo, na mara nyingi huandamana na soda. Sigara ya kwanza ya asubuhi inapandisha sukari kidogo kwa njia hiyo hiyo. Haya hayafanyi kazi sawa kwa kila mtu, na huwezi kukisia yamekuongezea kiasi gani. Kwa hiyo yaache mpaka damu itoke. Pombe ya jana usiku ina hatari ya kinyume, kwani hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na namba inaweza kutoka ndogo kuliko ukweli.

Maji hayafungui. Hapa kufunga kwa maabara kunaachana na kufunga kwa Ramadhani, ingawa neno ni lile lile. Nimeona wazee waliofika midomo imekauka kwa sababu waliambiwa "mfunge", nao wakafunga kama wanavyojua kufunga. Hakuna haja. Kunywa maji ya kawaida usiku na asubuhi, mishipa itaonekana na aliyeshika sindano atakushukuru. Kupiga mswaki pia hakuna neno, mradi uteme dawa ya meno.

Wapo wanaouliza: kwa nini nisipime mwezi wa Ramadhani saa kumi na moja jioni, maana tangu daku nimeshafunga saa kumi na mbili? Hesabu ni sahihi, lakini wakati wa siku nao una neno lake. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa watu zaidi ya 12,000 ambao hawakuwa wakijulikana kuwa na kisukari. Kwa bahati nasibu wengine walipangiwa kupimwa asubuhi, wengine mchana. Wastani wa wale wa asubuhi ulikuwa 5.4 na wa mchana 5.1. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kwa walio karibu na mpaka inatosha kuwafanya wagonjwa waonekane wazima. Ile 7.0 imewekwa kwa damu ya asubuhi. Ukipima jioni ukakuta 6.8, usishangilie.

Mchomo wenyewe nao una mambo yake. Ukimenya embe au chungwa njiani, hata usilile, ukachomwa kidole bila kunawa, kipimo kitasoma maji ya tunda yaliyobaki kwenye ngozi, na namba inaweza kuruka vibaya. Nawa kwa maji na sabuni, ukauke. Damu ya mshipa inayosubiri mezani ina tatizo la upande wa pili. Chembe zilizo hai ndani ya chupa zinaendelea kula sukari, na katika joto la kawaida inapungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ina dawa ya kuzipunguza kasi, lakini haizizuii papo hapo. Ndiyo maana maabara makini huwahi kuizungusha damu kwenye mashine na kutenganisha maji yake. Kwenye hatua hiyo mtaalamu anaweza hata kukukamata. Aliyekula chipsi usiku wa manane, maji ya damu yake mara nyingi huwa na ukungu mweupe kama maji yaliyooshewa nazi, kwa sababu ya mafuta ambayo hayajaondoka. Chai ya sukari haiachi alama yoyote ya kuonekana kwa macho.

Wanaotumia dawa za kisukari wana shauri lao. Anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kundi la glibenklamidi akitumia dawa yake asubuhi kisha asile kwa ajili ya kipimo, anaweza kuanguka kwenye foleni. Muulize daktari mapema dozi ya asubuhi isogezwe hadi lini, na uje na chakula kwenye mfuko. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuona giza, achana na kipimo, kunywa kitu chenye sukari mara moja. Kipimo kinaweza kurudiwa kesho. Na kama unatumia prednisoloni au deksamethasoni, kwa pumu au kwa ugonjwa mwingine, sema, maana dawa hizo hupandisha sukari hata kwa aliyefunga barabara.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike hivi wakati kuna kipimo cha wastani wa miezi mitatu, kile kinachoitwa HbA1c, ambacho hakidai kufunga. Ni kizuri pale kilipo na pale mtu anapokimudu. Lakini kinasoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu, na chembe hizo zikiwa zinakufa kabla ya wakati, kama kwa mwenye selimundu au aliyetoka kuugua malaria kali, au zikiwa na upungufu wa madini ya chuma, jibu lake huyumba. Kwetu hao si wachache. Kufunga usiku mmoja bado ni njia rahisi na yenye kueleweka.

Turudi kwa mama lishe na 8.9 yake. Mtaalamu hakuitupa namba ile, aliandika pembeni: chai na andazi, dakika 45 kabla. Kwa maelezo hayo namba inabadilika maana. Inakuwa sukari ya mtu aliyekula, na kwa aliyekula kisukari hutajwa inapofika 11.1, tena akiwa na dalili kama kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara. Hakuwa nazo. Akaambiwa arudi kesho kutwa, ale saa mbili usiku, kisha maji peke yake.

Alirudi. Safari hii walichukua damu ya mshipa, kwa sababu vipimo vya kidole vinaruhusiwa kukosea hadi asilimia 15, na hiyo haifai kumpa mtu jina la ugonjwa wa maisha. Jibu lilikuwa 6.3.

Si kisukari. Lakini si salama kabisa pia, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linaihesabu 6.1 hadi 6.9 kuwa ni sukari ya kufunga iliyovurugika. Ini la mama limeanza kutosikia vizuri. Angeandikiwa vidonge kwa ile 8.9 angeonewa, na angeambiwa "ilikuwa chai tu, nenda zako", angepoteza nafasi ya kulijua hilo mapema. Amepangiwa kunywa yale maji ya glukosi ya gramu 75 na kupimwa tena baada ya saa mbili. Kwa siku hiyo pia atafunga, na safari hii anajua andazi linahesabika.

Nawe ukifika dirishani ukaulizwa umekula lini, taja saa, na taja chai.